Mkulima Mmoja wa Kibumba

Wanafunzi wangu wakichelewa na kazi huniletea faili mbovu kusudi. Huchukua picha yoyote ya simu, wakaibadilisha jina, wapate siku mbili za kuandika huku mimi nahangaika kuifungua. Kwa hiyo kijana wa Kibumba aliponiletea kazi yake ya kumaliza chuo ndani ya flashi hapa ofisini Goma, nikaona kwenye kompyuta alama tupu, viboksi na herufi zisizosomeka, nilimwambia akatafute mjinga mwingine.

Hakubisha. Alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi ya Mugunga kwa miguu.

"Mama Prof, ile clé niliitosha mbio, nikaichomoa tu. Ordinateur ilikuwa ingali inakopia, bombe zikaanza kuanguka. Nyumba iliungua na ordinateur ndani. Kama diplome inapotea, ipotee. Ni mama iko mule ndani."

Mama yake aliuawa njiani wakikimbia, na simu za familia zilinyang'anywa kwenye kizuizi cha barabarani. Picha yake pekee iliyobaki ilikuwa ya tatu katika kazi hiyo, amesimama katikati ya viazi. Niliikumbuka kutoka rasimu ya karatasi niliyomrudishia, nayo iliungua pia. Chini yake kijana aliandika "mama yangu", nami nikakata kwa kalamu nyekundu: kazi ya sayansi haina mama. Akatii, akaweka "mkulima mmoja wa Kibumba".

Nikatazama tena zile alama. Mbili za kwanza zilikuwa P na K. Faili ya kweli ya kuandikia kazi huanza hivyo, maana ni kifurushi cha vipande vingi vilivyobanwa pamoja. Picha iliyobadilishwa jina haianzi hivyo. Kumbe hakunidanganya. Nikaona haya, nikampa kiti.

Nilitoa nakala, nikaiachia programu ya kurekebisha vifurushi iokote vipande vilivyo vizima. Katika kazi kama ile maandishi hukaa mbele, picha nyuma, na kilichokatika kilikuwa mkia wa faili. Nilijua hivyo, sikumwambia. Nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo.

Maneno yalirudi yote, hadi shukrani. Nilimwambia sasa ataweza kutetea kazi yake. Hakunisikia, alikuwa anashusha kurasa. Picha ya kwanza ilikuwepo. Mahali pa ya pili palikuwa na fremu tupu yenye msalaba mwekundu. Ya tatu vilevile. Chini yake: mkulima mmoja wa Kibumba.

Nilitamani anitukane.

"Naweza badirisha hapa, Mama Prof?"

"Andika, mwanangu."

Akafuta, akaandika "mama yangu", akahifadhi.

Siku ya utetezi mwenzangu mmoja wa jury, lile jopo la watahini, aliuliza fremu ile tupu inafanya nini mle, tena na maneno kama hayo katika kazi ya sayansi. Alitaka vikatwe vyote.

Nilimwambia mstari huo nimeusahihisha mimi mwenyewe, na uko sawa.