Gauni la Mama Mkubwa

Sare ya harusi ya kule Nandagala niliigawa mimi mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Kitenge cha bluu chenye majani madogo na vitone vya njano, kila mwanamke wa ukoo kipande chake, na kilichobaki nikajifungia kilemba. Mama mkubwa, dada wa mama yetu, anaishi Kilimarondo, na kila mtu alidhani mwingine amempelekea. Hakuna aliyempelekea.

Alikuja hivyo hivyo. Kwenye picha ya ukoo amesimama pembeni kabisa na gauni lake la kahawia, kando ya wanawake kumi na mmoja wa bluu. Tangu siku hiyo hakukanyaga kwetu tena, hata msibani.

Mdogo wangu wa Ruangwa ndiye aliyeozesha binti yake, na ndiye aliyepata wazo. Alinipigia simu kwenye studio yangu ya picha, Nachingwea, akasema, "Dada, wewe una hiyo programu ya kubadilisha nguo. Mvalishe sare, tumpelekee picha kubwa, yaishe."

Nilijua ni upuuzi. Nikakubali, maana kosa lilikuwa langu na nilitaka liishe haraka.

Basi nikaanza. Unapaka rangi sehemu ya kubadilisha, unaipa programu picha ya kitambaa, inajaza. Mara ya kwanza majani yakawa kama mlenda. Mara ya pili vitone vikatoweka. Mara ya tatu nikafokea kompyuta, na mteja aliyekuja kupiga picha za pasipoti akasogea karibu na mlango. Nikamtumia mdogo wangu hivyo hivyo.

"Dada, mbona kama amenyeshewa?"

Nikakata simu. Nilikasirika naye, na programu, na huyo aliyebuni sare duniani.

Hasira ilipopoa nikaona ujinga wangu. Programu ina kipimo chake. Picha nzima ya watu kumi na wawili inaipunguza kwanza ndipo ifanye kazi, na gauni la mtu mmoja linabaki dogo mno, vitone havina pa kukaa. Ikishajaza, picha inarudishwa ukubwa wake na ukungu uliotokea unavutwa nao. Nilikuwa kama mtu anayetia uzi sindanoni amenyoosha mkono.

Nikakata gauni peke yake, na pembezoni nikabakiza mikono, shingo, na kitenge cha jirani yake, ili programu ione mwanga unatoka wapi na sare yenyewe ikoje. Nikakikuza kile kipande hadi kujaa kipimo. Hapo shingoni mwa gauni niliona kitu kama uchafu. Nikakipaka rangi pamoja na mengine, sikuwa na muda. Nikajaza. Kisha nikakipunguza kipande kikalingana na mahali pake, nikakirudisha kwenye picha kubwa, kingo nimezilainisha. Nyuso sikuzigusa. Vitone ungeweza kuvihesabu, na mkunjo wa kiunoni ulikaa kama wa fundi.

Mdogo wangu akafurahi mpaka akaniudhi. "Chapisha, dada. Kesho naja, tunapanda pikipiki pamoja hadi Kilimarondo."

Kabla ya kuchapisha nikaweka kile kipande kilichokuzwa, cha kabla ya kujaza na cha baada, ubavu kwa ubavu. Mazoea tu ya kazi. Ndipo nikautazama vizuri ule uchafu wa shingoni.

Haukuwa uchafu. Ulikuwa ukanda mwembamba wa bluu, upana wa kidole, umeshonwa kwa mkono kuzunguka shingo yote ya gauni la kahawia. Jani nusu, vitone vitatu. Niliujua. Siku moja kabla ya harusi nilichana ukingo wa kitenge ili kilemba changu kinyooke, nikautupa uani, na mama mkubwa alikuwa amekaa uani huko huko akichambua mchele. Aliokota. Akaenda akashona. Akasimama nasi siku nzima amevaa sare, na hakuna aliyemwona.

Nililia studio, milango wazi.

Kesho yake mdogo wangu alipofika nilimwonyesha. Akauliza, "Ile nyingine umeifuta?" Nikamwambia nimeifuta. Tukachapisha ya mwanzo, kubwa kuliko tulivyopanga.

Kilimarondo tulimkuta anaanika mihogo. Aliipokea picha kwa mikono miwili, akaitafuta sura yake pale pembeni, akaweka kidole shingoni.

"Kumbe mliona," akasema.

Mdogo wangu alifungua mdomo aitikie. Nikamwahi. "Hatukuona, mama," nikasema. "Nimeona jana."

Akasogea kwenye mkeka aliokalia, akatuachia nafasi.