Alama za Bosi

Fundi cherehani aliiweka karatasi ya alama za mbwa wake mezani kwa daktari wa mifugo na kuinyoosha kwa kiganja, kama anavyonyoosha kitambaa kabla ya kukikata. Chini, juu ya blanketi, Bosi alikuwa akihema mdomo wazi, binti wa fundi amechuchumaa kando yake. Saratani ya mfupa ilikuwa imeuvimbisha mguu wake wa mbele, na dawa za maumivu hazikumtosha tena.

"Thelathini na nane kati ya sabini," alisema. "Ulisema ikizidi thelathini na tano, tunaweza kuendelea kumuuguza."

Daktari alisoma mistari yote saba, kila mmoja wa alama kumi: maumivu, kula, maji, usafi, furaha, kutembea, siku njema.

"Kula umempa nne, mama. Jana alikula nini?"

"Alilamba mchuzi."

"Alilamba kidole chako," binti yake alisema.

"Wewe nyamaza."

"Na kutembea tano?" daktari aliuliza.

"Anasimama."

"Tukimwinua kwa shuka, mama," binti alidakia. " Hivyo hata kabati linasimama."

Fundi alitazama pembeni.

"Nimeongeza mbili kila mstari," alisema hatimaye. "Nimezoea, daktari. Nguo huachiwa nafasi ya mshono, ikibana unaifumua."

Daktari hakucheka. "Ukizitoa?"

Binti alikuwa ameshapiga hesabu. "Ishirini na nne."

"Karatasi haiamui," daktari alisema. "Inatusaidia kuona tu. Wiki hii amepata siku ngapi nzuri?"

Bosi alijaribu kugeuka, akalia kwa sauti nyembamba, akaacha.

"Kila siku namwomba Mungu amchukue usingizini. Leo nikikubali, si nitakuwa nimemtangulia Yeye?" fundi aliuliza.

"Hilo siwezi kukujibu, mama. Ninachojua ni kwamba mfupa huu unaweza kuvunjika wakati wowote, hata akishuka ngazi moja. Hapo hutakuwa na nafasi ya kumuaga taratibu."

Fundi aliinama, akaweka mkono kwenye ubavu wa mbwa. Mbavu zilihesabika. Alinong'ona maneno machache ambayo binti hakuyasikia, akakaa sakafuni.

"Niambie nitakachokiona."

"Sindano ya kwanza ni ya usingizi. Dakika kumi hivi, atakuwa hajui kitu. Kisha dawa itapita kwenye mshipa wa mguu, na moyo utasimama, mara nyingi ndani ya dakika mbili. Macho yatabaki wazi. Anaweza kuvuta pumzi moja au mbili baadaye, au kujikojolea. Usishtuke, atakuwa hayupo tena."

"Fanya," fundi alisema, upesi, kabla hajaogopa.

Alikipakata kichwa cha Bosi. Sindano ya kwanza ilipoingia, mbwa alimtazama, akazidi kulegea mpaka kuhema kule kwa haraka kukatulia. Ilikuwa wiki kadhaa tangu amwone ametulia hivyo. Dawa ya pili ilipita kimya. Baada ya muda kifua kiliinuka ghafla, binti akaruka.

"Ni ile pumzi aliyoitaja," fundi alimwambia, akamshika mkono.

Daktari alisikiliza moyo kwa muda mrefu, akavua kipimo masikioni.

"Ameshakwenda, mama."

"Asante, Baba," alisema fundi, na daktari alijua si yeye aliyekuwa akishukuriwa.