Pengo la Sura ya Pili

Nna roho mbaya, na nalisema mwenyewe kabla hajanisemea mtu. Shoga yangu alikuwa mwalimu wa skuli moja ya Makunduchi, kapewa likizo ya masomo, nami mtoto wa Mpendae, najiona wa mjini khasa. Tulikuwa tunasoma shahada ya uzamili pamoja. Msimamizi wetu mmoja, na mada zetu zilikaribiana: dini na namna vijana wa mjini wanavyojitambulisha.

Nilimcheka lafudhi yake tangu wiki ya kwanza. Mtu wa shamba, atawajulia wapi vijana wa mjini? Kumbe Sura ya Pili ya pendekezo la utafiti ndiyo iliyonitoa ujinga. Mie yangu ya mapitio ya maandiko niliipanga mtu mmoja mmoja: fulani kasema hivi, fulani kasema vile, kurasa ishirini. Yeye aliipanga kwa hoja. Huku aliwaweka wanaoiona dini kuwa kitu kijana anachorithi nyumbani na madrasa, kule wanaosema kijana wa mjini huichagua mwenyewe, kwa mavazi, kwa marafiki, kwa mihadhara ya kwenye simu. Kisha akawagombanisha. Msimamizi akaipiga yangu mstari mwekundu tangu juu hadi chini, akaniambia nende nikasome ya mwenzangu nijifunze. Niliungua, wallahi.

Siku chache baadaye nilikwenda maktaba. Mkutubi akanifungulia kabati la tasnifu za zamani, zile zilizo kwenye karatasi pekee, ambazo hazimo kwenye mtandao wala kwenye orodha ya kompyuta. Hazitoki nje wala hazipigwi picha. Humo nikakuta tasnifu nzima juu ya dini na vijana wa mabarazani, hapa hapa mjini. Nikakaa nayo siku tatu, nikanakili kwenye daftari mpaka vidole vikauma, na hata msimamizi sikumwambia.

Wiki ile ile shoga yangu akaniuliza kama nimepata chochote kilichoandikwa juu ya Unguja. Yeye katafuta kwenye mtandao hadi macho yamemuuma, kapata Mombasa, kapata Dar es Salaam, kapata Ulaya, kwetu hakuna. Nikamwambia hata mimi sijapata. Sikutetereka. Akashukuru, akaenda kuandika kuwa suala hili halijawahi kufanyiwa utafiti Unguja. Hilo ndilo likawa pengo lake, ambalo utafiti wake ungekuja kulijaza, na maswali yote ya utafiti wake akayajenga juu yake.

Siku ya kutetea mapendekezo yetu ya utafiti, jopo lilikuwa na mgeni, mhadhiri wa chuo kingine. Jina lake nililijua. Lilikuwa juu ya jalada la tasnifu ile. Shoga yangu alikuwa wa kwanza, na likizo yake ilikuwa inamalizika mwezi ule, na ingeongezwa mwaka mmoja akipita tu. Asipopita, anarudi kufundisha bila ya shahada. Nikampigapiga mgongoni, nikamwambia atapita tu.

Alizungumza vizuri mno. Mgeni akamwacha amalize, akavua miwani, akamuuliza kama ana hakika hakuna aliyewahi kuandika.

"Naam, Mwalimu. Nimetafuta sana."

"Mimi nilikaa miaka miwili kwenye mabaraza ya mji huu nikiwahoji hao vijana," akasema taratibu. "Au niliota?"

Mtu mmoja akacheka. Msimamizi wetu akainamia karatasi zake. Wakamwambia pengo lake halipo, kwa hivyo maswali yake hayana pa kusimama. Arudi akaanze upya.

Nikafuata mimi. Nikasema tasnifu ya mgeni wetu iliwahoji vijana wa kiume wa barazani tu, na wasichana hawakuulizwa, na siku hizo dini haikuwa kwenye simu. Hapo ndipo utafiti wangu unapoingia. Mgeni akatabasamu, akaniita msomi. Shoga yangu alikuwa safu ya mbele, ananitazama mdomoni. Nilipita bila ya hata sharti moja.

Alinisubiri nje, uwanjani. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa nshajitayarisha kumjibu.

"Uliisoma lini?"

"Kabla hujaniuliza," nikamwambia. Sijui kwa nini hapo ndipo nilipoamua kusema kweli.

Hakulia. Akasema kampigia simu mwalimu mkuu wa skuli yake kumwomba wiki mbili, kakubaliwa, na jopo litamsikiliza tena akiwahi. Ila maktaba imefungwa kwa matengenezo mwezi mzima. Akaniomba nimwazime niliyoyanakili, usiku mmoja tu, na asubuhi atanirejeshea.

Daftari lilikuwa kwapani mwangu. Alikuwa analitazama.

Nikamwambia sikunakili kitu.