Krimu Iliyokatazwa Visiwani

Binti yangu ana ualbino. Wifi yangu alisoma kwenye simu kwamba visiwa fulani vimekataza oksibenzoni, kemikali ya kuzuia jua iliyomo kwenye krimu, akaitupa krimu ya jua ya mtoto bila kuniuliza. Mtoto akarudi kutoka shule mabega yamebabuka.

Nikamchukua mtoto, nikamburuta na wifi hadi kliniki ya ngozi.

“Kule wanalinda matumbawe baharini,” nesi akamwambia. “Huyu ana matumbawe mgongoni? Nchi nyingine zimepunguza kiasi cha oksibenzoni kwenye krimu kwa sababu inaingia kwenye damu. Madhara yake kwa mtu hayajathibitishwa. Ya jua yamethibitishwa.”

Nikauliza kama kuna krimu iliyo bora.

“Ipo, yenye bemotrizinoli. Inazuia miale inayounguza na ile inayopenya ndani, haiharibiwi upesi na jua, na haiingii sana mwilini. Hapa hatuna. Tumieni hii ya zamani,” akasema, akinipa krimu kama ile iliyotupwa.

Nikampa wifi krimu. Ampake yeye.