Tisa, au Sitini na Nne

Nyuma ya wodi ya wazazi ya hospitali yetu, Kasulu, kulikuwa na nyumba ya kungojea. Wajawazito wa mbali walioonekana wana hatari waliletwa humo kabla ya uchungu, wakajipikia wenyewe na kulala karibu na chumba cha upasuaji. Katikati ya miaka ya tisini, mvua ikishika, gari halikutoka vijiji vya mbali kama Kagerankanda. Aliyebaki kwao, ndiyo amebaki.

Nilikuwa mtunza takwimu hapo. Mvua za kwanza za mwaka mmoja alikuja kliniki mama mmoja wa Kagerankanda na mkwe wake, binti mwembamba aliyejifungua mtoto wa kwanza kwa kisu. Muuguzi aliwaambia kwamba safari hii hakuna kuzalia nyumbani, kovu linaweza kupasuka. Waje mapema na chakula cha siku kumi na nane.

"Kumi na nane, Sista?" mama mkwe aliuliza. "Na mahindi utanipandia wewe?"

Muuguzi alicheka, yeye hakucheka. Walipanda wawili tu, mume wa binti alikuwa kwenye vibarua. Binti alikuwa akitazama mlango kama mtu aliyeambiwa umefungwa pande zote mbili. Wakaondoka, wakisema watajibu siku ya gulio.

Hiyo kumi na nane nilijua ilikotoka. Daktari wetu alikuwa ameandika makala fupi juu ya nyumba ya kungojea, aisome kwa wenzake Kibondo, na wauguzi walikwisha kuitumia. Niliiomba nikaisoma. Wastani wa kukaa: siku kumi na nane. Mbele yake kipimo cha mtawanyiko, yaani namba zinavyoachana na wastani: ishirini na mbili. Hapo nilisimama. Nilichukua daftari la wodi nikawapanga wale wanawake kumi na mmoja wa makala kuanzia aliyekaa kidogo. Aliyeanza alikaa siku nne, wa sita, yule wa katikati kabisa, siku tisa, na wa tisa siku kumi na tatu. Kisha wawili, hamsini na nane na sitini na nne. Hao walikosea kuhesabu miezi, wakaja mapema mno. Hakuna hata mmoja aliyekaa siku zinazokaribia kumi na nane.

Nilimfuata daktari akiwa anakunywa chai.

"Daktari, kwenye makala yako kuna mwanamke aliyeondoka siku nne kabla hajafika."

Aliniomba nirudie. Nikamwonyesha: kumi na nane, toa ishirini na mbili. Mtawanyiko ukizidi wastani kwa kitu kisichoweza kushuka chini ya sifuri, namba hazikukaa sawasawa pande zote mbili. Kuna wachache wanaouvuta wastani kwao.

"Kwa hiyo hao wawili niwatupe?"

"Usiwatupe. Andika namba ya katikati, tisa. Halafu andika mdogo na mkubwa, nne hadi sitini na nne. Msomaji aone wote."

Alinung'unika kuhusu stensili ya kudurufia iliyokwisha kuchapwa, lakini ilichapwa upya. Muuguzi ndiye aliyekataa. Alisema tisa atawaambia, sitini na nne hapana, maana hakuna atakayekuja. Tulibishana mpaka daktari akasema zitajwe zote mbili.

Siku ya gulio mama mkwe alirudi na binti, nami nikawatajia tisa, na sitini na nne. Mama mkwe alisikiliza, akafikiri. Alisema ataleta unga wa muhogo na maharage ya siku tisa, na kila gulio mwanawe ataacha vibarua aje kuuliza. Asipomkuta na mtoto, ataacha chakula kingine.

Binti aliingia. Tisa zikapita. Walioingia baada yake wakajifungua wakaenda. Mvua haikukatika, na yeye alikaa kizingitini, miguu imevimba, akitazama njia asiyoweza kuishika. Kurudi kulikuwa hatari, kukaa hakukuwa na mwisho.

"Wewe ndiye uliyesema tisa," aliniambia siku moja.

"Nilisema na sitini na nne."

"Ulisema. Mimi nikasikia tisa."

Kila gulio mumewe alifika na baiskeli aliyoikokota matopeni, anamimina unga, anamuuliza kama bado, anaondoka.

Alipasuliwa siku ya arobaini na saba, mtoto wa kike, wote wazima. Nilipomwongeza kwa wale kumi na mmoja, wastani uliruka hadi ishirini. Ile ya katikati ilisogea nusu siku.

Asubuhi ya binti kuondoka, mwanamke wa Makere alikuwa anatandika mkeka pale pale alipolala yeye. Alimuuliza wanakaa siku ngapi humu.

"Wengi tisa," binti alimjibu, akimsogezea unga uliobaki. "Ila mwambie mumeo asiisahau njia."