Kuba Jeusi la Maktaba

Miaka mitatu Miradie alisafisha maktaba ya shule moja kule Lewisham, ughaibuni, bila kukaa hata mara moja. Darini kulikuwa na kuba dogo la plastiki nyeusi, la kamera, na weusi ule ulikuwa na kazi yake: ukiwa chini huoni lenzi imeelekea wapi, wala kama kuna mtu anayekutazama. Basi unajichunga mwenyewe, tena bure.

Msimamizi wao, Sanjay, Mhindi wa Nakuru aliyehamia Queensbury, alijua kuichochea hofu hiyo. Mara mojamoja alimwuliza msafishaji jana saa kumi na moja kasorobo alikuwa wapi. Watu wakanywea, wakasema ni kamera. Kumbe zilikuwa kadi tu za kufungulia milango; kila mlango huandika nani kapita na saa ngapi.

Aliyemtafutia Miradie kazi hiyo alikuwa Aikaeli, mama wa Kimachame aliyesafisha ukumbi wa shule hiyohiyo, na ambaye miguu ilimvimba kila jioni. Jumanne moja alishindwa kabisa, akajitupa kwenye kiti cha watoto, chini ya kuba lenyewe. Miradie akapiga magoti, akamvua viatu, akamkanda. Dakika sita. Alizihesabu.

Tangazo la ukutani lilisema picha hukaa siku thelathini kabla ya kufutwa. Miradie akaanza kuhesabu siku. Akawa anafuta meza alizokwisha kuzifuta ili aonekane anafuta. Usingizi ukampaa. Akawaza, kwa nini yeye afukuzwe kwa ajili ya miguu ya mtu mwingine? Ni aibu, lakini ndivyo alivyowaza. Siku ya kumi na nne akaenda ofisini, akamwambia Sanjay kwamba Aikaeli hukaa kila siku, na siku ile yeye alikuwa akimwinua tu. Hiyo "kila siku" aliiongeza mwenyewe.

Sanjay akamgeuzia kompyuta. Kulikuwa na picha tisa za kamera, moja nyeusi tii.

"Hiyo ya library ilikufa tangu Covid," akasema. "Hata waya hakuna. Lakini thank you, mama. Wengine usiwaambie."

Ijumaa jina la Aikaeli likatolewa kwenye zamu. Walikaa pamoja kwenye basi kama kawaida, Aikaeli na mfuko wa viatu vyake vya kazi mapajani.

"Nani alituona?" Aikaeli akauliza.

"Ni ile kamera, mama. Ilituona."

Aikaeli akamshika mkono. "Namshukuru Mungu wewe hawakukugusa."

Siku hizi maktaba anaisafisha Miradie, pamoja na ukumbi uliokuwa wa Aikaeli. Miguu imeanza kumvimba na yeye. Anajua waya haupo, na kiti kipo palepale. Lakini mlangoni anadeki Anne-Marie, msafishaji mpya, mpole, mwenye kuiogopa kazi yake, na Miradie anajua mtu wa namna hiyo huenda ofisini kusema nini. Kwa hiyo hakai.