Pua ya Mwalimu Otilia

Mwalimu Otilia amefundisha chekechea kwa miaka kumi na tisa katika kijiji kimoja cha Ufipa, kwenye njia ya kwenda Kaengesa, na somo analosifiwa nalo ni la milango ya fahamu. Wageni wa shule hupelekwa kwake kwanza, halafu kwenye choo kipya.

Somo lenyewe halina uchawi. Watoto hunawa mikono. Wazazi wameshaulizwa mwanzoni mwa muhula ni chakula gani kinamdhuru nani, na karanga haziingii darasani kabisa. Kwanza kugusa: mkono unazama kwenye mfuko wa kitambaa na kukutana na kiazi, ndizi au karoti. Kisha kunusa: vikopo vitano vyenye vifuniko vilivyotobolewa, na ndani kila kiungo kimefungwa kitambaani, vumbi lisipande puani. Mwisho kuonja, kila mtoto na kijiko chake. Asiyetaka halazimishwi.

Jambo moja halikuandikwa kwenye andalio la somo. Tangu mafua makali ya mwaka juzi, Mwalimu Otilia hanusi chochote. Ulimi umemwachia utamu, chumvi, uchachu na uchungu. Mengine ni vitu vya moto na vitu vya baridi. Hakumwambia mtu. Vifuniko alivipa namba, majibu akayaandika kwenye daftari, na tangu hapo daftari ndilo limekuwa likinusa.

Jumanne moja kikopo namba mbili kilimfikia Mboje, mtoto wa Masunga, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Ufipa na ng'ombe wake.

"Tangawizi," Mboje alisema.

Daftari lilisema mdalasini.

"Nusa tena."

"Tangawizi, mwalimu."

"Huu ni mdalasini. Wewe hunusi vizuri."

"Ana pua ya bata," alisema Felisian, ambaye ana miaka mitano na maoni juu ya kila kitu. Darasa likacheka. Mwalimu hakuwanyamazisha. Kufika Alhamisi Mboje hakuwa tena na jina lingine ila Bata, na hakuwa anajibu swali lolote. Mwalimu akamtumia Masunga ujumbe: mtoto apelekwe hospitali mjini, akaangaliwe pua.

Masunga alikuja Ijumaa watoto walipokwisha kuondoka, kofia mkononi.

"Mwalimu, nimempima mwenyewe. Nilimfunga macho nikampa maziwa ya ng'ombe watatu. Amewataja wote kwa majina."

"Maziwa na viungo ni vitu tofauti, Baba Mboje."

"Kweli. Basi naomba na mimi ninuse hicho kikopo."

Alinusa polepole, kama mtu anayenunua.

"Mwalimu, hii ni tangawizi."

Ilikuwa tangawizi. Wiki iliyopita Mwalimu Otilia alivisafisha vikopo mwenyewe, na vifuniko viwili vikabadilishana. Aliliona hilo mara moja. Aliona pia kwamba Luciana, mpishi wa uji, alikuwa mlangoni akiosha vikombe.

"Labda Luciana alichanganya vifuniko," alisema.

Luciana hajawahi kuvigusa vikopo hivyo. Aliinua macho kutoka kwenye beseni, akamtazama mwalimu kidogo.

"Ni mimi, Baba Mboje. Utusamehe."

"Basi yameisha," alisema Masunga. "Nilishaanza kumtafutia kazi isiyohitaji pua." Akavaa kofia, akaondoka.

Mwalimu alibaki ameshika kikopo.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu uji ulioungua mwaka jana. Uliusifia."

"Mbona hukusema?"

"Ungejisikiaje?"

"Kama sasa."

"Haya basi," alisema Luciana, akarudi kwenye vikombe.

Miaka miwili Mwalimu Otilia alidhani anaionea aibu pua yake. Pua, kumbe, haikuwa na kosa. Alitoka mbio, mwanamke wa miaka arobaini na saba akikimbia barabarani na kikopo, akamkuta Masunga karibu na mashine ya kusaga.

"Luciana hakukosa. Ni mimi nisiyenusa. Nilimwita mwanao mgonjwa kwa ugonjwa wangu, na wakamcheka nikiwa nimesimama pale."

Masunga hakucheka.

"Nimekusikia, mwalimu. Lakini aliyeitwa bata si mimi."

Jumatatu Mwalimu Otilia aliwakalisha watoto kwenye mduara. Watu wazima wa huku huomba msamaha kwa padri. Kumwomba mtu mwenye meno ya utoto hakuna mazoea.

"Kikopo namba mbili kilikuwa tangawizi. Mboje alisema kweli, mimi nikamwambia amekosa. Mimi sinusi. Mboje, naomba unisamehe."

Mboje alifikiri, akaenda rafuni, akachagua kikopo, akakiinua mpaka chini ya pua ya mwalimu.

"Hii?"

Mwalimu alivuta pumzi.

"Sijui."

"Nusa tena."

Alinusa tena, mbele ya watoto ishirini na sita.

"Sijui, Mboje."

"Ni kahawa," Mboje alimweleza taratibu, kama anavyoelezwa mgeni njia. Akakirudisha kikopo mahali pake, akaenda kukaa, mbali kidogo na mwalimu.